Usaha ndani ya mfupa na hesabu ya wiki za dawa

"Mwanangu alilazwa kwa usaha kwenye mfupa wa mguu. Siku ya nne homa ilikuwa imekwisha na anataka kucheza. Mbona daktari ametuandikia dawa za wiki kadhaa, na idadi hiyo ya wiki anaipata wapi?"

Jibu linaanzia kwenye damu. Antibiotiki, iwe ya sindano au ya kumeza, husafiri kwa damu. Damu isipofika, dawa nayo haifiki. Kwa watoto, maambukizi haya mara nyingi huanzia karibu na ncha ya mfupa mrefu, pale unapokulia urefu, kwa mfano kwenye muundi chini kidogo ya goti. Mishipa ya hapo ni myembamba na damu hupita polepole, kwa hiyo bakteria aliyeingia mwilini, pengine kupitia mchubuko mdogo tu, hupata pa kutua. Mara nyingi huwa ni stafilokokasi, yuleyule wa majipu.

Jipu la ngozi lina nafasi ya kuvimba. Mfupa hautanuki. Usaha ukiongezeka ndani yake, presha hupanda na mishipa hubanwa. Ukipenya hadi nje, huibandua ile ngozi nyembamba inayofunika mfupa na kukata damu ya upande huo pia. Kipande kilichokosa damu hufa, na bakteria waliojificha humo hawafikiwi vizuri na dawa wala na chembe nyeupe za damu.

Bakteria nao hubadilika. Baadhi huingia ndani ya seli za mfupa, wengine hujifunika utando juu ya mfupa uliokufa, na wote hupunguza kasi ya kuzaliana. Dawa kama kloksasilini huua bakteria anapojenga ukuta wake. Aliyelala hajengi, kwa hiyo hupona. Homa ya mtoto ilishuka kwa sababu wengi waliokuwa hai na wakali wamekufa. Wachache waliolala wanatakiwa waikute dawa mwilini siku watakapoamka, wakati mfupa unaotengenezwa upya unarudishiwa damu. Kazi hiyo ya mfupa huchukua wiki.

Sasa hesabu. Tuchukue mtoto wa miaka 8 aliyefika hospitali mapema, kabla mfupa haujafa. Anaanza kwa dawa ya mshipa, na damu yake inapimwa kipimo kinachoandikwa CRP, ambacho hupanda mwili ukiwa na uvimbe wa maambukizi na kushuka haraka unapotulia. Tuseme siku ya pili ni 140, siku ya tano ni 60, naye ameanza kukanyaga. Anahamia vidonge. Karibu siku ya kumi imeshuka chini ya 20, lakini dawa inaendelea mpaka takriban wiki ya tatu au ya nne. Utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha siku 20 na siku 30 kwa watoto wa namna hii, na siku 20 zilitosha kwa wale walioitikia dawa vizuri.

Lakini CRP ikigoma kushuka, au maumivu yakibaki palepale, kuongeza wiki za vidonge si jibu. Hapo kuna uwezekano wa usaha uliojificha, na inabidi utafutwe na utolewe kwa upasuaji. Hili ndilo ningependa kila mzazi aliulizie wodini.

Kwa watu wazima wiki sita ndizo zilizozoeleka, na si kila mahali ni sawa. Ufaransa walilinganisha wiki 6 na 12 kwa maambukizi ya mifupa ya mgongo. Matokeo ya 2015 yalionyesha 6 zinatosha. Walipofanya hivyo kwa viungo bandia vya nyonga na goti, matokeo ya 2021 yalikuwa kinyume: waliopewa 6 walibaki na maambukizi zaidi, maana utando wa bakteria hushika sana chuma na plastiki. Upande wa pili, mfupa wote wenye ugonjwa ukikatwa na kuondolewa, siku chache za dawa huweza kutosha. Usaha wa kwenye kiungo chenyewe, ukisafishwa mapema, huhitaji muda mfupi kuliko wa mfupa, ingawa kuusafisha ni dharura kwa sababu gegedu huharibika ndani ya siku chache. Kifua kikuu cha mifupa kina dawa zake na huenda kwa miezi.

Eksirei haisaidii kuamua siku ya kuacha dawa. Katika siku kumi za mwanzo huweza kuonekana safi kabisa, kisha ikaonyesha mfupa ulioliwa wakati mtoto anapata nafuu, kwa kuwa picha huchelewa nyuma ya ugonjwa. Cha kufuatilia ni maumivu, uvimbe, homa na CRP, hata miezi kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Tundu dogo linalotoa usaha juu ya mfupa huo ni dalili kwamba huenda kipande kilichokufa kimebaki ndani, na hicho huondolewa na daktari wa upasuaji wa mifupa.