Kifurushi cha "kesho": pesa inavyopotea huku hesabu ya jioni ikikaa sawa

Wenye biashara za kusambaza vifurushi, wanaowapelekea wauzaji mizigo na kuwapokelea malipo kwa wateja, wanapokuja kwenye dawati letu la ushauri wa hesabu, wengi huanza na sentensi ileile: "Kila jioni hesabu inakaa sawa, lakini mwisho wa mwezi siwezi kuwalipa wauzaji wote." Wanakuja na daftari safi. Kila dereva ana mstari wake, jumla aliyotoka nayo, jumla aliyorudisha, na sahihi. Tatizo liko kwenye daftari lenyewe, kwa sababu linalinganisha jumla na jumla. Jumla ni rahisi kuirekebisha. Kinachotakiwa kulinganishwa ni kifurushi kimoja na muamala mmoja.

Nitaeleza kisa kimoja, nikiacha jina la fedha pembeni ili tarakimu zibaki nyepesi.

Ijumaa, dereva alifikisha kifurushi namba 019 na kupokea taslimu 2,400. Njiani tairi likapasuka, akalipia fundi kwa pesa ile. Jioni hakusema. Kwenye orodha aliandika kwamba mteja wa 019 ameomba apelekewe kesho. Jumamosi alipokea 2,600 za kifurushi 027. Akatoa 2,400 kufunga ile 019, ikaonekana imefika Jumamosi, akabaki na 200, na 027 nayo ikaandikwa "kesho". Jumatatu akapewa vifurushi vinane vipya vya jumla ya 26,000, pamoja na 027 iliyokuwa bado mkononi mwake, kwa hiyo orodha yake ilisoma 28,600. Alirudisha 25,900 na kusema kifurushi 045 cha 2,700 mteja anakitaka kesho. Ongeza 25,900 na 2,700, unapata 28,600. Msimamizi akasaini.

Ukweli ni kwamba Jumatatu wateja wote wanane walipokea na kulipa. Dereva alikusanya 26,000 kamili, akatumia 2,600 kufunga ya Jumamosi, na 100 ikabaki mfukoni. Jumlisha 2,400 za Ijumaa, 200 za Jumamosi na 100 za Jumatatu, shimo ni 2,700, yaani thamani ya kifurushi ambacho eti bado kipo kwenye begi. Shimo halizibwi, linahama tu kutoka kifurushi hiki kwenda kile, na kila linapohama linapanuka kidogo. Siku dereva akiugua au akiacha kazi, ndipo linapoonekana, na kwa kawaida huwa limeshakuwa la vifurushi kumi na kitu.

Angalia mahali ambapo kisa hiki kingekatika. Si kwenye pesa, maana pesa ilikuwa sawa jioni zote tatu. Kingekatika rafuni. Kama stoo ingedai kifurushi 019 kirudi Ijumaa jioni na kuskaniwa, dereva asingekuwa na cha kuonyesha. Kwa hiyo kanuni ya kwanza tunayowapa watu haihusu simu wala programu: ikifika saa ya kufunga, kila kifurushi ama kiko rafuni ama kimegeuka pesa. Hakuna kinacholala kwa dereva. Wengi hupinga hapa, wakisema dereva anaishi mbali, au kesho anapita njia hiyohiyo, kwa nini arudi stoo na mzigo mmoja? Jibu ni kwamba gharama ya kurudi mnaijua, ya kutorudi hamuijui. Mahali ambapo kweli haiwezekani, mtu wa ofisini, asiyempangia dereva huyo safari, ampigie mteja jioni hiyohiyo na kumuuliza swali moja tu: umeshapokea? Namba ya mteja aitoe kwenye oda ya muuzaji, asiiombe kwa dereva.

Malipo ya simu yanapunguza taslimu mikononi mwa dereva, lakini hayaondoi mchezo huu. Yanaubadilisha sura. Jumatatu ya kisa hiki vifurushi vinne vililipiwa kwa simu, na jumla yake ilikuwa 10,000 kamili kwenye namba ya biashara. Ila tulipofungua taarifa ya akaunti mstari kwa mstari, vifurushi 046 na 047 vilikuwa na jambo. Vilionekana kufika kwa wateja kabla ya saa saba mchana, lakini pesa zake ziliingia saa moja kasoro jioni, dakika mbili tu kati ya muamala na muamala, na mtumaji wa zote mbili alikuwa dereva mwenyewe. Wateja walikuwa wamemtumia yeye. Pesa ilikaa kwake mchana kutwa, ikafanya kazi nyingine, kisha ikaletwa. Siku hiyo ililetwa yote. Siku nyingine italetwa nusu.

Kwa hiyo kwenye kila muamala angalia mambo manne: namba ya muamala, kiasi, saa, na mtumaji. Biashara nyingi huishia kwenye mambo mawili ya kwanza, na ndiyo maana dereva anayepitisha malipo kwenye namba yake hakamatwi. Mtumaji kuwa tofauti na jina la mteja si kosa peke yake, maana watu hulipiwa na wenza wao, watoto wao au wafanyakazi wenzao. Kinachotakiwa kukushtua ni namba moja ya mtumaji kulipia wateja wasiojuana. Weka orodha ya namba za madereva wako na za watu waliowadhamini, kisha uzipitishe kwenye taarifa ya akaunti kila wiki. Ni kazi ya dakika chache.

Kama bado unatumia jedwali la kompyuta, fomula mbili zinatosha kuanzia. Tuseme kwenye karatasi ya vifurushi safu ya D ni kiasi kinachodaiwa na F ni namba ya muamala aliyoleta dereva. Kwenye karatasi inayoitwa Miamala umebandika taarifa ya akaunti, safu ya A ikiwa namba ya muamala na C kiasi kilichoingia.

```
=SUMIFS(Miamala!$C:$C,Miamala!$A:$A,F2)-D2
=COUNTIF($F$2:$F$500,F2)>1
```

Ya kwanza ikitoa sifuri, malipo yameingia yote. Ikitoa hasi yenye ukubwa uleule wa deni, basi muamala huo haupo kabisa kwenye akaunti yako. Ya pili inakuonyesha namba moja ya muamala iliyotumika kwa vifurushi viwili, ujanja wa kawaida pale vifurushi vinapokuwa na bei sawa. Lakini kabla hujamwita mtu mwizi, hakikisha namba hazijabandikwa na nafasi tupu mwishoni. Na kama namba za muamala za mtandao wako ni tarakimu tupu zinazozidi 15, fomula hizi huangalia 15 za mwanzo tu, hivyo zinaweza kukuambia mbili zinafanana kumbe hazifanani.

Taarifa ya akaunti uipakue wewe. Picha ya skrini iliyoletwa na dereva si ushahidi, na meseji kwenye simu ya mteja si ushahidi pia. Meseji ya malipo inaweza kuandikwa na mtu yeyote na kutumwa kutoka namba yoyote, na mpokeaji aliye na haraka hasomi imetoka wapi. Dereva asikabidhi mzigo mpaka ofisi, au mfumo wenu, uone pesa imeingia. Njia safi zaidi ni biashara kutuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, kiasi kikiwa kimeshajazwa na namba ya mzigo ikiwa ndani yake, mteja abakie kuweka namba yake ya siri tu. Hapo mteja hakosei kiasi, na dereva hapati nafasi ya kutaja namba yake.

Maana makosa ya kweli nayo yapo, na ni mengi kuliko wizi. Mteja anadaiwa 3,100, anatuma 1,300. Mwingine anasahau kuandika namba ya mzigo, pesa inaingia bila mwenyewe. Mtandao unasuasua, mteja anatuma mara mbili. Malipo ya usiku yanaangukia tarehe ya kesho kwenye taarifa. Mtoa huduma anakata ada yake kwanza, mhasibu anaona pungufu na kumdai dereva. Hili la ada hunikera zaidi, kwa sababu dereva anakatwa mshahara kwa pesa ambayo hakuishika kamwe. Andika kiasi kamili na ada kwenye safu mbili tofauti, ugomvi huo utaisha.

Utajuaje kosa na wizi? Siku moja haitoshi kukwambia. Chukua tofauti za mwezi mzima, dereva kwa dereva. Makosa huenda pande zote mbili: leo pungufu, kesho zidio, na hutawanyika kwa madereva wote. Mwenye mchezo huwa na pungufu tu, au hana tofauti kabisa lakini "kesho" zake ni nyingi kuliko za wenzake wa eneo lilelile. Huyu wa pili ndiye wa kumtazama zaidi. Dereva wa kisa chetu hakuwahi kuonyesha pungufu hata siku moja. Dalili yake ilikuwa kwamba kila jioni alikuwa na kifurushi kimoja cha kesho, na kila kesho kile kilifika na kingine kikabaki.

Turudi kwenye tairi. Dereva huyu hakuanza kwa nia ya kuiba. Alikuwa barabarani, hana pesa ya dharura, na pesa pekee aliyokuwa nayo ilikuwa ya mteja. Biashara ikawa imemwachia kila kitu kigharamiwe na mfuko mmoja. Tuliposhauri apewe kiasi kidogo cha mafuta na matengenezo asubuhi, kilichoandikwa peke yake na kurudishwa kwa risiti jioni, mwenye biashara aliona anaongezewa gharama. Gharama ilikuwepo tayari, ila haikuandikwa popote. Sambamba na hilo wekeni ukomo wa taslimu: dereva akifikisha kiasi fulani, apite kwa wakala na kuiweka kwenye namba ya biashara mchana huohuo, kabla ya kuendelea na safari.

Jambo la mwisho ni pesa yenyewe ni ya nani. Malipo ya mzigo ni ya muuzaji, yako ni nauli ya kupeleka tu. Yakae kwenye akaunti ya peke yake, na muuzaji alipwe kwa vifurushi vilivyolinganishwa, si kwa jumla ya siku. Mpe orodha yenye namba za mizigo, ikiwemo ile ya "kesho". Yeye huongea na wateja wake, na mara nyingi atakupigia mwenyewe: mbona huyu wa 045 ameniambia mzigo aliupata tangu Jumatatu?