Shina la kidole gumba linauma: kiungo au kano?

"Mama yangu ana miaka 53. Kidole gumba cha kulia kinamuuma pale chini, karibu na kifundo cha mkono, hasa akifungua chupa au akikamua nguo. Huyu anasema mifupa inasagika, yule anasema mshipa umevimba. Tutajuaje?"

Mwombe aguse panapouma kwa ncha ya kidole kimoja. Wengi hushika mkono mzima, nawe usikubali hivyo.

Pembeni mwa kifundo, upande wa kidole gumba, kuna nundu ya mfupa. Juu yake hupita kano mbili za kidole gumba, ndani ya ala nyembamba. Ala ikinenepa, kano hupita kwa shida na nundu yote huuma ikibonyezwa. Daktari Mswisi Fritz de Quervain aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Huwapata sana wanaonyanyua mtoto kwa kumshika makwapani, na bibi anayelea mjukuu hasalimiki.

Sasa sogeza kidole chako kutoka kwenye nundu kuelekea kwenye kucha, upana wa kidole kimoja au viwili. Hapo ndipo mfupa wa kidole gumba unapokaa juu ya kifupa kidogo cha kifundo. Gegedu la kiungo hiki, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, hulika zaidi kwa wanawake waliokoma hedhi. Kubana kitu kwa ncha za vidole hukielemea mno: nguvu ya kilo 1 kwenye ncha hukadiriwa kufika kilo 12 kwenye shina. Ndiyo maana kifuniko cha chupa na ufunguo humtesa mtu kuliko ndoo.

Kwa hiyo, kwa mama, chupa inanifanya nishuku kiungo kwanza. Kukamua nguo hakuamui kitu, maana huumiza pande zote mbili. Shika mfupa wa shina la kidole gumba, ukandamize taratibu kuelekea kifundoni huku ukiuzungusha. Akisikia maumivu au wewe ukisikia mkwaruzo, shaka ya kiungo inazidi. Kisha akunje kidole gumba ndani ya ngumi na ainamishe kifundo upande wa kidole kidogo. Maumivu makali juu ya nundu huelekeza kwenye kano. Usilazimishe, kwani hata mkono usio na ugonjwa huvuta kidogo hapo, na kiungo kilicholika nacho huweza kuuma. Wapo pia wenye yote mawili.

Eksirei huonyesha kiungo kilicholika, ila picha mbaya inaweza kuwa ya mtu asiyeumwa sana. Kwa hiyo haitoshi peke yake.

Kutofautisha kuna faida kwenye tiba. Banzi la kano lazima lishike kidole gumba pamoja na kifundo. La kiungo linaweza kuwa fupi, kifundo kikabaki huru. Sindano ya steroidi mara nyingi huituliza ala vizuri, lakini kwenye kiungo nafuu yake huwa ya muda. Kama mama ana kisukari, amwambie daktari kabla ya kuchomwa, kwa sababu sukari hupanda kwa siku kadhaa.

Mahali pakiwa pekundu na pa moto, naye ana homa, awahi hospitali siku hiyohiyo.