Je, wajua? Linki ya folda haimjui aliyeishika

"Nina folda ya Google Drive yenye picha za harusi ya dada na nakala za hati ya kiwanja chetu cha Ujiji. Nikirusha linki kwenye grupu la ukoo, au nikimwalika kila mtu kwa imeili, kuna tofauti gani? Na anayeruhusiwa kutazama tu anaweza kufanya nini?"

Linki iliyowekwa "Anyone with the link" ni kama ufunguo: Drive haimuulizi mtu jina, inatazama ufunguo tu. Binamu wa Mwandiga akiipeleka kwenye grupu lingine, watu wa grupu hilo nao wanaingia, na wewe hutaona majina yao popote. Mwaliko ni orodha ya majina. Ukiacha folda kwenye "Restricted" na kuandika imeili za watu watatu, linki hiyohiyo ikizungushwa hadi Tabora haifungui kitu kwa mtu wa nne.

Kwa hiyo kwa familia hii tungetengeneza folda mbili. "Harusi" iende kwa linki ya kutazama, maana hata shangazi ambaye hajui imeili yake ataifungua bila kuingia kwenye akaunti yoyote. "Hati" iende kwa mwaliko: gusa nukta tatu pembeni ya jina la folda, chagua "Share", andika imeili, chagua "Viewer" au "Editor", kisha tuma. Angalia tu usiiweke "Hati" ndani ya "Harusi". Kwa kawaida ruhusa hushuka kutoka folda ya juu hadi kila kilichomo, na hati itakuwa wazi kwa wote wenye linki ya picha.

Mwaliko una usumbufu wake, na karibu kila mara ni mmoja. Mama mdogo wa Kasulu anagusa mwaliko, simu inamwandikia "You need access", naye anaamini umemnyima. Mara nyingi simu yake ina akaunti mbili, pengine moja ilifunguliwa na mwanawe, na Drive imefungukia ile ambayo hukuialika. Aguse picha au herufi ya akaunti iliyo juu kulia, achague ile yenye imeili uliyoandika, afungue tena. Akigusa "Request access" utapata ombi kwenye imeili yako. Soma anwani nzima kabla ya kukubali, kwa sababu jina la kwanza linaweza kuwa la mtu mwingine kabisa.

Sasa ruhusa zenyewe. "Viewer" anafungua na kusoma, na kama hukuzuia anapakua na kuchapisha. Hawezi kubadili jina la faili, kuongeza picha wala kuondoa. Ukiingia kwa kompyuta, kwenye alama ya gia ndani ya dirisha la "Share" la faili (si la folda) unaweza kuwaondolea watazamaji kitufe cha kupakua. Lakini hakuna kitufe kinachomzuia mtu kupiga picha ya skrini, kwa hiyo usiweke humo nakala ambayo hutaki imfikie mtu fulani ukitegemea kwamba ni ya kutazama tu.

"Editor" anapakia, anabadili, anaondoa, na kwa kawaida anaweza hata kualika watu wengine. Hilo la kualika unalizima kwenye gia ya "Share" ya folda na ya faili zilizomo, na kwa folda ya "Hati" tungelizima siku ya kwanza. Hatari inayotokea sana ni ya kijana anayeona simu imejaa, anafuta picha ndani ya Drive akidhani anafuta za kwenye simu yake. Zile ulizopakia wewe zinatoka kwenye folda kwa kila mtu, ila hazijapotea, kwa kuwa mwenye faili ni wewe. Ingia Drive kwa kompyuta na uandike hivi kwenye kisanduku cha kutafutia:

```
is:unorganized owner:me
```

Utaona faili zako zilizobaki bila folda, uzirudishe. Picha alizopakia yeye ni habari nyingine. Hizo ni mali yake, zinakula nafasi ya akaunti yake (GB 15 za bure), na akizitupa zinakaa siku 30 kwenye takataka yake kabla ya kufutwa moja kwa moja. Wewe huwezi kuzitoa huko. Mpigie simu kabla siku hizo hazijaisha.

Kama linki ya "Harusi" imeshasambaa kupita ukoo, rudisha "Restricted" na wote wasioalikwa wanafungiwa papo hapo. Ukija kuifungua tena, linki inakuwa ileile ya zamani, na kila aliyeihifadhi anarudi ndani. Ukitaka linki mpya kweli, tengeneza folda nyingine, pakia humo nakala za picha, na utume linki ya hiyo.