Sesame Street katika nchi nyingine: dhana potofu na ukweli wake

Sesame Street, kipindi cha televisheni cha watoto kinachoonyesha maisha ya mtaa mmoja wa mjini, kilianza kurushwa Marekani mwezi Novemba 1969, na kufikia 1972 Meksiko na Brazili tayari zilikuwa na matoleo yao wenyewe. Tangu wakati huo kipindi hiki cha vikaragosi kimeingia katika nchi nyingi, lakini namna kinavyogeuzwa kuwa cha wenyeji bado inaelezwa vibaya, hata na watu waliokitazama utotoni.

Dhana: Kinachofanyika ni kuingiza sauti za lugha ya wenyeji tu.

Vipo vipande vinavyofaa kuingizwa sauti, navyo hutumiwa sana kwa sababu hupunguza gharama. Mdomo wa kikaragosi hufunguka kwa kila silabi, kwa hiyo mtafsiri mwenye subira anaweza kutafuta maneno yanayolingana na miondoko hiyo. Ugumu huanza pale picha yenyewe inapobeba lugha. Chukua kipande cha Kiingereza kinachofundisha herufi B kwa kuonyesha mpira: ukikiingizia sauti ya Kiswahili, mtoto ataona B kwenye skrini huku akisikia neno linaloanza kwa M. Kipande cha kuhesabu huvuka mpaka kwa urahisi, ilhali cha herufi hakina budi kutengenezwa upya.

Hata pasipo herufi, mandhari yanaweza kukataa kuvuka. Ujerumani ilianza mwaka 1973 kwa vipande vya Kimarekani vilivyoingizwa sauti, na kituo cha televisheni cha jimbo la Bavaria kilikataa kuvirusha kwa hoja kwamba mtaa ule haukufanana na maisha ya watoto wake. Baadaye sehemu za mtaani ziliondolewa, na mwaka 1978 zikaingizwa mpya zilizotengenezwa Ujerumani pamoja na dubu Samson na rafiki yake Tiffy. Vichekesho vya Ernie na Bert vilibaki, kwa kuwa ugomvi wa marafiki wawili wanaoishi nyumba moja hauhitaji mtaa wowote.

Dhana: Lugha ya kutumia hujulikana yenyewe.

Toleo la Kiarabu, Iftah Ya Simsim, lilitengenezwa Kuwait na kuanza kurushwa mwaka 1979 kwa ajili ya nchi nyingi. Waandaaji walichagua Kiarabu fasaha kilichorahisishwa, ambacho si lugha ya nyumbani ya mtoto yeyote, kwa kuwa lahaja ya nchi moja ingewaacha nje watoto wa nchi nyingine, na pia kwa kuwa ndicho ambacho mtoto angekutana nacho katika vitabu vya shule. Misri, ilipotengeneza toleo lake la Alam Simsim mwaka 2000 kwa watoto wake yenyewe, ilichagua lahaja ya Kimisri. Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa sahihi, kwa sababu lengo halikuwa moja.

Dhana: Mhusika mpya ni kikaragosi cha Marekani kilichobadilishwa jina na rangi.

Wapo wanaofanana na dhana hiyo: Neno wa Afrika Kusini ni Elmo mwenye jina jingine. Lakini Kami, wa toleo hilohilo la Takalani Sesame, alizaliwa kwa njia tofauti kabisa. Kwa kawaida waandaaji huanza kwa kukutana na walimu na wataalamu wa malezi wa nchi husika, wakakubaliana ni mambo gani mtoto wa pale anahitaji kuyajua. Mhusika hubuniwa baadaye ili kuyabeba. Nchini Afrika Kusini jambo moja halikuweza kukwepwa: watoto wengi walikuwa wakiishi na VVU au wakiwazika wazazi wao, na wenzao wakiogopa kucheza nao.

Kami alianza kuonekana mwezi Septemba 2002. Ni msichana wa miaka mitano mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu, anaishi na VVU, na mama yake amefariki kwa UKIMWI. Jina lake limetokana na neno la Kitswana lenye maana ya kupokelewa. Waandaaji hawakumfanya mgonjwa wa kitandani wa kuhurumiwa. Ni mchangamfu na hucheza na wenzake, kwa sababu mtoto anayetazama alipaswa kuona kwa macho yake kwamba kumshika mkono mtu mwenye VVU hakumwambukizi mtu.

Habari zake zilipofika Marekani, baadhi ya wabunge waliiandikia televisheni ya umma wakihofia kwamba mhusika wa namna hiyo angeletwa kwa watoto wao. Hofu hiyo ilitokana na dhana hiihii, kwamba wahusika ni mali moja inayozungushwa kokote. Kami hakuingizwa katika mtaa wa Marekani. Alipelekwa Nigeria, katika toleo la Sesame Square lililoanza mwaka 2011, ambako VVU pia vilikuwa sehemu ya maisha ya watoto, na huko akawekwa pamoja na mhusika mwingine, Zobi, dereva wa teksi.