Tundu Kama Eneo Hasi: Kutafuta Kitovu cha Bamba la Mstatili na Pembetatu

Ninapofundisha mekanika, naona kwamba mwanafunzi hapati shida kutaja kitovu cha mstatili wala cha duara; taabu huanza pale maumbo yanapounganishwa na kisha kutobolewa. Katika hesabu nilizosahihisha, kosa mara nyingi huwa katika alama moja ya kutoa, au katika umbali uliopimwa kutoka mahali pasipo pake. Kwa hiyo nitachukua bamba moja tu, nitafute kitovu cha eneo lake hatua kwa hatua, kisha nionyeshe namna ya kulihakiki jibu kwa njia isiyopita tena katika hesabu ile ile.

Bamba letu lina mstatili wenye upana wa milimita 120 na kimo cha milimita 80. Upande wake wa kulia umeunganishwa na pembetatu mraba yenye kitako cha milimita 60 na kimo hicho hicho cha 80. Pembe yake mraba iko chini, mahali inapogusana na mstatili, na upande wake wa mshazari unashuka kuelekea kulia. Ndani ya mstatili kuna tundu la duara lenye nusu kipenyo cha milimita 20, na kitovu cha tundu hilo kiko milimita 40 kutoka ukingo wa kushoto na milimita 50 kutoka ukingo wa chini. Vipimo vyote nitavichukua kutoka kona ya chini kushoto, nayo ndiyo itakuwa sifuri ya x na ya y kwa kila umbo.

Wazo lenyewe ni hili: eneo la kila umbo likizidishwa kwa umbali wa kitovu chake kutoka mhimili, tunapata momenti ya eneo, na momenti ya bamba zima ni sawa na jumla ya momenti za sehemu zake. Tundu ni sehemu iliyoondolewa. Kwa sababu hiyo tunauhesabu mstatili kana kwamba haukutobolewa, kisha tunatoa mchango wa tundu katika sehemu mbili, yaani katika momenti na katika eneo:

```
x = (A1·x1 + A2·x2 − A3·x3) / (A1 + A2 − A3)
y = (A1·y1 + A2·y2 − A3·y3) / (A1 + A2 − A3)
```

Mstatili una eneo la milimita za mraba 9,600 na kitovu chake kiko (60, 40). Hapo hapahitaji maelezo. Pembetatu inahitaji utulivu zaidi. Eneo lake ni 2,400, na kitovu chake kiko theluthi moja ya kitako kutoka upande ulio wima, yaani milimita 20 kutoka mahali inapogusana na mstatili. Wengi huipima theluthi hiyo kutoka kwenye ncha nyembamba, ingawa sehemu kubwa ya eneo iko upande mnene. Mimi hukwepa mashaka hayo kwa kuchukua wastani wa vipeo vitatu: 120, 180 na 120 vikijumlishwa na kugawanywa kwa 3 hutoa x ya 140, na 0, 0 na 80 hutoa y ya 26.67. Njia hii ni sahihi kwa pembetatu yoyote, hata isiyo na pembe mraba, na tena hukupa umbali kutoka sifuri ya bamba moja kwa moja. Tundu nalo lina eneo la 1,256.64 na kitovu chake ni (40, 50).

Eneo linalobaki ni 9,600 + 2,400 − 1,256.64, yaani 10,743.36. Momenti za upande wa x ni 576,000 na 336,000, kisha tunatoa 50,265.5, na jumla yake ni 861,734.5. Za upande wa y ni 384,000 na 64,000, kisha tunatoa 62,831.9, na jumla ni 385,168.1. Tukigawanya, tunapata x = 80.21 na y = 35.85.

Sasa tulihakiki. Ninachokipenda zaidi ni kuuliza kwanza kitovu kingekuwa wapi kama bamba lisingetobolewa. Hapo eneo ni 12,000, na kitovu ni (76, 37.33). Tundu likiondoa eneo upande wa kushoto na juu ya nukta hiyo, kitovu hakina budi kusogea upande ulio kinyume, kulia na chini, na ndivyo kilivyosogea. Lakini tunaweza kusema zaidi ya hapo, kwa kuwa kitovu husogea katika mstari ulionyooka unaotoka kwenye kitovu cha tundu na kupita katika kitovu cha awali, na kiasi cha kusogea ni umbali kati ya nukta hizo mbili ukizidishwa kwa uwiano wa eneo la tundu na eneo linalobaki. Uwiano huo hapa ni 1,256.64 kwa 10,743.36, yaani 0.117. Tofauti ya x ni 36, hivyo kitovu kinasogea 4.21 kulia, tofauti ya y ni 12.67, hivyo kinashuka 1.48. Majibu yanakubaliana.

Uhakiki huu hufichua kosa ambalo jibu peke yake lingeweza kulificha. Tuseme mtu ametoa eneo la tundu kama ipasavyo, lakini akaijumlisha momenti yake. Atapata x ya 89.57, ambayo inaonekana kuwa na maana, kwani nayo imesogea kulia. Ni y ndiyo itakayomsuta: atapata 47.55, ilhali tundu lililo juu ya kitovu cha awali haliwezi kukipandisha. Aliyesahau kuongeza 120 na kuipa pembetatu x ya 20 atapata 53.40, jibu lililo kushoto kwa katikati ya mstatili ingawa pembetatu imeongezwa kulia na tundu limetobolewa kushoto. Aliyepima theluthi kutoka ncha nyembamba ndiye mgumu kumkamata, kwa sababu 84.68 yake haigongani na mantiki yoyote ya mwelekeo; kinga yake ni ule wastani wa vipeo.

Jibu hili ni kitovu cha eneo. Huwa pia kitovu cha uzito pale tu bamba linapokuwa na unene mmoja na mada ya aina moja kote, na tundu linapopenya hadi upande wa pili. Kama fundi ametoboa nusu ya unene tu, uzito uliopungua ni nusu, hivyo tunatoa 628.32 badala ya 1,256.64, katika momenti na katika jumla vilevile. Kitovu kitakuwa (77.99, 36.63). Msogeo wa x ni 1.99, ambao haufiki nusu ya 4.21, kwa kuwa kigawanyo nacho kimebadilika na kuwa 11,371.68. Na katika hali hiyo kitovu cha uzito hakikai tena katikati ya unene, bali husogea kidogo kuelekea uso ambao haukutobolewa, kwa hiyo hesabu inahitaji safu ya tatu ya momenti, ya upande wa z.