Picha moja ya JPG kwenye karatasi ya A4: pambizo zake na vipimo vyake

Watu wengi wanaopeleka PDF ya picha kwenye duka la steshenari hapa Bagamoyo hushangaa kuiona imetoka imekatwa kingo, au imejaa karatasi mpaka ukiitoboa kwa panchi tundu linapita juu ya picha. Printa haina kosa. Kosa liko ndani ya PDF yenyewe, kwenye kipimo cha ukurasa, na kwenye skrini halionekani, kwa sababu programu nyingi za kusomea huikuza au kuipunguza picha mpaka ienee kwenye kioo.

JPG haina sentimita. Ina pikseli tu, pamoja na namba moja ndogo iliyofichwa ndani yake inayosema pikseli ngapi zihesabiwe kuwa inchi moja. Simu nyingi huandika 72 hapo bila kufikiri. Chukua picha ya mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, iliyopigwa kwa simu ikiwa wima, pikseli 3000 kwa 4000. Programu ikiiamini hiyo 72, inagawa 3000 kwa 72 na kupata inchi 41.67, yaani zaidi ya mita moja kwa upana. Urefu unakuwa mita 1.41. Hiyo ndiyo PDF wengi wanayobeba kwenye flashi bila kujua: ukurasa wenye ukubwa wa mlango mdogo wa kweli. Ukichagua kuprinti kwa ukubwa halisi, karatasi inabeba sehemu ndogo tu ya picha.

Kwa hiyo tunaanza na karatasi, si picha. A4 ni milimita 210 kwa 297. Pambizo naweka milimita 20 pande zote, na kipimo hicho kina sababu. Printa nyingi za ofisini haziwezi kuweka wino kwenye milimita nne au tano za ukingoni, kwa hiyo pambizo ya chini ya hapo ni ya kubahatisha. Panchi ya kawaida ya matundu mawili nayo hutoboa kitovu cha tundu milimita 12 kutoka ukingoni, na tundu lina upana wa milimita 6, kwa hiyo linafika mpaka milimita 15. Ukiacha 20, unabaki na milimita 5 za usalama kati ya tundu na picha. Pambizo ya 10 hupendeza kwenye skrini, lakini karatasi ikiingia kwenye faili la ofisi, picha inatobolewa.

Ukitoa 20 kila upande, nafasi inayobaki ni 170 kwa 257. Mlango wetu una uwiano wa 3 kwa 4, basi ukijaza upana wa 170, urefu unakuwa karibu 227. Hiyo inaingia ndani ya 257, na picha ikikaa katikati, juu na chini inabaki milimita 35 kila upande. Pambizo za juu na za pembeni hazilingani, na ndivyo inavyotakiwa. Anayezilazimisha zilingane ataikata picha au ataivuta ichukue sura isiyo yake.

Kwenye Linux natumia programu ndogo ya img2pdf, kwa sababu haiikandamizi JPG upya. Inachukua data ileile na kuiweka ndani ya ukurasa, hivyo ubora haupungui hata kidogo. Kabla yake nanyoosha mwelekeo kwenye nakala. Simu mara nyingi huhifadhi picha ya wima ikiwa imelala, kisha inaongeza alama inayoiambia programu igeuze. Programu nyingine huitii alama hiyo, nyingine huipuuza, na nyingine hugeuza ukurasa mzima badala ya picha, ukajikuta na mlango mwembamba katikati ya karatasi iliyolala. Amri ya exiftran hugeuza pikseli zenyewe na kuifuta habari hiyo ya kugeuza, pasipo kuharibu ubora.

```
cp mlango.jpg mlango-wima.jpg
exiftran -ai mlango-wima.jpg
img2pdf --pagesize A4 --border 2cm -o mlango.pdf mlango-wima.jpg
```

Usiamini macho, kagua kwa namba. Amri mbili hizi zinatoka kwenye kifurushi cha poppler-utils:

```
pdfinfo mlango.pdf
pdfimages -list mlango.pdf
```

Ya kwanza lazima ioneshe ukurasa wa karibu 595 kwa 842 `pts`, na mara nyingi huandika A4 pembeni. Pointi moja ni sehemu moja ya 72 ya inchi. Ukiona 3000 x 4000, umeangukia kwenye ile 72 ya simu, na ukiona 2250 x 3000, programu imetumia 96. Ya pili hutoa wingi wa pikseli kwa inchi zikishakaa kwenye karatasi. Kwa mlango wetu ni karibu 448, ambayo inazidi mahitaji. Kwa picha ya kawaida 200 inatosha, lakini kwa picha ya cheti au ya hati yenye maandishi madogo nisingeshuka chini ya 300.

Hapo ndipo picha iliyopitia WhatsApp hujulikana. Ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa, mara nyingi ikawa kama 1200 kwa 1600. Kwenye upana uleule wa milimita 170 unapata karibu 179 kwa inchi: mlango bado utapendeza, ila maandishi madogo ya cheti yatakuwa na ukungu. Hakuna mpangilio wa PDF utakaorudisha kilichopotea. Mwombe aliyeituma aitume tena kama dokumenti.

Asiyependa amri anaweza kutumia LibreOffice Writer. Nenda Format, kisha Page Style, chagua A4 na weka sentimita 2 kila pambizo. Ingiza picha kwa Insert, Image, halafu kwenye Properties weka upana wa sentimita 17 huku Keep ratio ikiwa na tiki. Wakati wa Export as PDF angalia sehemu ya picha: kwa kawaida huwa imewashwa JPEG compression na Reduce image resolution kwenye 300 DPI. Kwa picha ya mlango iache hivyo. Kwa hati, chagua Lossless compression na ondoa tiki ya kupunguza.

Picha ikiwa ya mlalo, 4000 kwa 3000, kuna mambo mawili ya kuchagua. Kwenye `--pagesize A4^T` karatasi inalala na picha inakuwa 227 kwa 170. Kwenye karatasi ya wima inakuwa 170 kwa 127.5 tu. Mimi huchagua wima ikiwa inaingia kwenye faili lenye barua, maana msomaji hatalazimika kuzungusha faili zima.

Mfumo wa maombi ukikataa faili kubwa, punguza pikseli kabla ya kutengeneza PDF, kwa kuwa ukubwa wa PDF hii unakaribia sana ule wa JPG. Inchi 6.69 za upana kwa 300 ni pikseli karibu 2000, na programu ya ImageMagick 7 hupunguza hivi:

```
magick mlango-wima.jpg -resize 2000x -quality 85 mlango-dogo.jpg
```

Kisha rudia amri ya img2pdf kwa faili hilo jipya. Hapa JPG inakandamizwa upya, kwa hiyo fanya mara moja tu, na uanze kila mara kutoka kwenye nakala ya asili, si kutoka kwenye ile ndogo.