Mamba wa Abdilatif: Fumbo Linavyomkinga Mshairi

Tangu mashairi ya zamani yaanze kusambazwa kwa simu, kitengo chetu cha miswada kinaulizwa swali moja kila mara: "Hapa alikuwa anamsema nani?" Watu wanataka jina, kana kwamba shairi ni kitendawili chenye jibu moja. Tumekwisha kulieleza hili mara nyingi, na tunalieleza tena.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika waraka "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968, akiikosoa serikali ya Jomo Kenyatta bila kificho. Alishtakiwa kwa uchochezi akafungwa hadi 1972. Kifungoni alitunga kwa siri, mara nyingine kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalitoka 1973 kwa jina "Sauti ya Dhiki", na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya fasihi yenye jina la Kenyatta mwenyewe. Waraka ulimtia ndani. Diwani ilimpa tuzo.

Katika diwani hiyo mna shairi la "Mamba". Ubeti wa kwanza unatangaza kwamba atafumba, na wanaoweza wafumbue. Kisha anakuja mamba mtoni, anajigamba, anadhani ataishi milele; anakumbushwa kwamba roho itamtoka, na vitisho havitamdumisha. Ngao iko hapa: kila analoambiwa mamba linamfaa mamba. Mwendesha mashtaka akitaka kuthibitisha kwamba ni mtawala, itabidi yeye mwenyewe aseme mtawala wake ana kiburi cha mamba. Nani atathubutu?

Lakini msomaji makini huona mahali fumbo linapolegea kidogo. Karibu na mwisho mshairi anasema "mtu" hajui la kesho. Mtu, si mamba. Ni neno moja tu, na bado linaweza kutetewa kama msemo wa kawaida.

Ngao hii ina mipaka. Inazuia ushahidi, haizuii shuku, na haiwezi kufuta waraka uliokwisha kusomwa. Wale wanaodai kwamba kufumba ni woga wakumbuke kwamba huyu alikuwa tayari gerezani kwa kusema wazi. Kuhusu adhabu, ambayo pia tunaulizwa sana: vifungu vya uchochezi viliondolewa katika sheria ya Kenya mwaka 1997, kwa hiyo msivinukuu kama sheria ya leo.

Mnaotuletea mashairi ya wazee, andikeni nani aliyeghani, wapi, tarehe gani, na lilighaniwa kwa tukio lipi. Bila tukio, fumbo hugeuka shairi la mnyama tu. Tafadhali msisahihishe Kimvita kiwe Kiswahili sanifu. Katika "Mamba", neno "yuwaamba" linafuata "mamba" na "ajigamba". Ukiweka "anasema", mizani itabaki minne lakini kina kitakufa, na pamoja nacho ule mwangwi wa "mamba" unaorudi masikioni kila mstari. Nakala za namna hiyo tunazirudisha kwa mletaji aziandike upya kama zilivyosemwa.